Kimo kinapopungua, BMI hupanda bila kilo kuongezeka

Chukua mwanamke wa miaka 30 mwenye kimo cha sentimita 160 na uzito wa kilo 62. BMI yake, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na kimo, ni 24.2, na hakuna daktari atakayemsumbua. Sasa mpeleke hadi miaka 80, mwachie kilo zake zilezile 62, lakini kimo chake kiwe kimeshuka hadi sentimita 152. Hesabu inatoa 26.8. Amevuka 25 na kuhesabiwa miongoni mwa wenye uzito uliozidi, ilhali mizani haijasogea.

Sentimita hizo 8 si za kubuni. Utafiti wa muda mrefu wa uzee uliofanywa Baltimore, Marekani, ambao matokeo yake kuhusu kimo yalichapishwa mwaka 1999, uliwapima watu walewale mara kwa mara kadiri walivyozidi kuzeeka. Hilo ni muhimu, kwa sababu ukiwalinganisha tu wazee wa leo na vijana wa leo unachanganya kusinyaa na tofauti ya vizazi: huenda mzee hakuwahi kuwa mrefu hivyo tangu ujana wake. Kwa kuwafuata walewale, watafiti walikuta kwamba kati ya miaka 30 na 70 mwanamke hupoteza wastani wa sentimita 5, na hadi afike 80 zinakuwa 8. Kwa mwanamume ni 3, kisha 5. Kupungua huko peke yake, walikadiria, humwongezea mwanamke wa miaka 80 BMI ya 2.6 na mwanamume 1.4.

Mabadiliko yanakuwa makubwa hivyo kwa sababu uzito wa kilo hugawanywa kwa kimo cha mita kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe. Asilimia 5 ya kimo ikipotea, BMI hupanda kwa karibu asilimia 11.

Kimo chenyewe hupotelea zaidi mgongoni. Diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hukauka maji na kuwa nyembamba, na misuli inayousimamisha mgongo hulegea. Mifupa ikidhoofika, hasa kwa wanawake baada ya hedhi kukoma, pingili huweza kubonyea na kuvunjika kwa kukandamizwa. Mivunjiko mingi ya aina hii haigunduliki inapotokea. Mhusika huona tu mgongo unazidi kupinda, au asione kitu kabisa.

Ubishi uliopo ni huu: tunapompima mzee, tutumie kimo gani? Wanaotetea kimo cha sasa wana hoja ambazo hazipuuzwi kirahisi. Ndicho pekee kinachoweza kupimwa mbele yako, kwani kimo cha ujana mara nyingi ni cha kukumbuka, na watu hujikumbuka warefu kuliko walivyokuwa. Pili, tafiti zinazohusisha BMI ya wazee na vifo kwa kawaida zimetumia kimo cha wakati ule wa kupimwa, kwa hiyo kusinyaa kumo tayari ndani ya matokeo yake. Ukibadilisha kimo, huwezi tena kujipima kwa matokeo hayo. Hoja ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Mzee hupoteza misuli na nafasi yake huchukuliwa na mafuta hata uzito usipobadilika, na BMI haioni badiliko hilo. Wengine husema basi kupanda huku kwa uongo kunasaidia kufidia upofu huo.

Lakini kosa moja halisahihishi jingine eti kwa kuwa yanavutana. Aliyepoteza kimo kingi si lazima awe ndiye aliyeongeza mafuta mengi. Mwanamke aliyevunjika pingili tatu huenda ni mwembamba kabisa, na ndiye ambaye hesabu itamwongezea zaidi. Kinachosahaulika ni kwamba madhara makubwa hayako kwa mzee anayeitwa mnene. Yako kwa mzee anayekonda bila mtu kumwona.

Rudi kwa yule mwanamke. Tuseme katika miaka hiyo kilo 62 zimekuwa 56. Amepoteza kilo 6, karibu sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na katika umri huo sehemu kubwa inaweza kuwa misuli. Piga hesabu ya kilo 56 kwa kimo cha sentimita 152: BMI ni 24.2, ileile aliyokuwa nayo akiwa na miaka 30. Anayesoma faili lake ataandika kwamba hali ni ya kawaida na haijabadilika. Kimo chake cha zamani kingetoa 21.9, na mwelekeo wa kushuka ungeonekana.

Sogeza mfano hadi ukingoni. Kwa kimo cha sentimita 160, mtu huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, yaani chini ya 18.5, akishuka chini ya kilo 47.4. Kwa sentimita 152, mpaka huo ni kilo 42.7. Kusinyaa kumemlazimisha apoteze kilo nyingine karibu 5 kabla kipimo hakijamtambua. Kwa mtu wa kilo 47, kilo 5 ni nguvu za kuinuka kitini.

Upande wa pili, yule wa 26.8 akiambiwa apunguze uzito, atapunguza pia misuli na mifupa, vitu ambavyo tayari vinamwishia. Tena tafiti nyingi za watu waliopita miaka 65 zimekuta hatari ndogo zaidi ya kufa ikiwa kwenye viwango ambavyo jedwali la kawaida linaviita uzito uliozidi. Ushauri huo unahitaji sababu nzito kuliko namba moja.

Si lazima tuchague kimo kimoja na kukitupa kingine. Kupanda kwa kweli hutofautishwa na kwa uongo kwa kutazama kilo zenyewe kwanza: kama hazijaongezeka na BMI imepanda, kimo ndicho kilichosogea. Mzunguko wa kiuno husaidia, ila kwa tahadhari, maana mgongo ukifupika mbavu huikaribia nyonga na tumbo husukumwa mbele hata pasipo mafuta mapya. Penye kumbukumbu ya kimo kilichopimwa utu uzimani, BMI ihesabiwe mara mbili na zote mbili ziandikwe. Isipokuwepo, au mzee hawezi kusimama wima, kuna njia ya kupima kutoka kisigino hadi juu ya goti lililokunjwa, kwa sababu mifupa mirefu ya mguu haifupiki kama mgongo. Kimo kinachokadiriwa hivyo kinaweza kukosea kwa sentimita kadhaa, kwa hiyo kisichukuliwe kama kipimo kamili.

Na kimo kipimwe upya, si kuulizwa wala kunakiliwa kutoka ukurasa uliopita: bila viatu, visigino vikigusa ukuta, macho yakitazama mbele, na ikiwezekana saa ileile ya siku, kwani kutoka asubuhi hadi jioni mtu huweza kupungua sentimita moja au zaidi. Tofauti ikifika sentimita 4 kutoka kimo cha ujana, au 2 kati ya vipimo viwili vilivyofanywa kliniki, ni sababu ya kutosha ya kupiga picha ya uti wa mgongo kutafuta pingili zilizovunjika, hata kama mzee hajalalamika maumivu na hata kama BMI yake inasomeka vizuri.