Nondo tatu au nne: slabu inapohesabiwa kuwa sehemu ya boriti

*"Tunajenga ghorofa ya skuli hapa Pemba. Boriti ina upana wa milimita 250 na kimo cha 550, inavuka mita 7 kutoka nguzo hadi nguzo, na zimepangwa kila mita 3.5. Slabu ni 150. Mchoro wa kwanza umeweka nondo 3 za 25 chini. Wa pili umeweka 4, mbili za 25 na mbili za 20, na aliyeuchora anasema slabu isihesabiwe, ndiyo usalama. Kamati inahisi mchoro wa kwanza unabania chuma. Tufuate upi?"*

Katika nyumba za Mji Mkongwe boriti ni mti wa mkoko, na dari ya mawe na chokaa iliyo juu yake ni mzigo mtupu. Mti unabeba peke yake, ndiyo maana vyumba vile ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba hauzidi pale mkoko unapofika. Anayesema slabu isihesabiwe bado anaitazama boriti ya zege kwa jicho hilo. Lakini slabu na boriti zikimwagwa pamoja ni jiwe moja. Boriti inapopinda kwenda chini, upande wake wa juu unabanwa, na slabu iliyoko huko juu inabanwa nao, kulia na kushoto. Umbo linalofanya kazi ni herufi T. Slabu ni mbawa, na kipande kinachoning'inia chini yake ni mguu.

Bila shaka slabu yote haishiriki sawasawa. Karibu na mguu inabanwa sana, na kadiri unavyokwenda mbali inalegea, kwa hiyo kanuni hutupa upana mmoja wa kuhesabu kana kwamba wote unabanwa sawa. Kwa BS 8110, kanuni ya zege ya Uingereza, upana huo ni wa mguu ukiongezwa moja ya tano ya umbali kati ya sehemu mbili ambazo momenti, yaani nguvu ya kupinda, ni sufuri, mradi usizidi slabu iliyopo. Boriti yenu imekaa juu ya nguzo mbili tu, basi umbali huo ni mita 7 zote: 250 na 1,400, jumla 1,650. Boriti ziko mita 3.5 mbalimbali, kwa hiyo nafasi ipo.

Mzigo nimeuchukulia hivi: slabu na umaliziaji wake kilonyutoni 4.8 kwa mita ya mraba, watu wa darasani 3, na uzito wa mguu wenyewe. Ukizidisha uzito wa jengo kwa 1.4 na wa watu kwa 1.6 kama kawaida unapata karibu 43.7 kwa kila mita ya boriti, na momenti ya katikati 267.5 kNm. Zege ni ya daraja 25, nondo za 460, na kina cha kazi ni 490 baada ya kutoa kifuniko cha 40, ringi ya 8 na nusu ya nondo. Hesabu iliyobaki ni mistari minne. M ni momenti, fcu na fy ni nguvu za zege na nondo, bf ni upana wa mbawa, d ni kina cha kazi, K ni kipimo cha jinsi zege inavyolemewa, z ni umbali kati ya nondo na kitovu cha zege inayobanwa, x ni kina cha mstari usiobanwa wala kuvutwa, na As ni eneo la chuma:

```
K  = M / (fcu · bf · d²)  = 0.027
z  = d(0.5 + √(0.25 − K/0.9)) = 0.969d → 0.95d = 465.5
0.9x = 0.9 · (d − z)/0.45 = 49  <  150
As = M / (0.95 · fy · z)  = 1,315 mm²
```

Mstari wa tatu ndio wa kutazamwa. Unauliza zege inayobanwa imeshuka hadi wapi. Hapa imeshuka milimita 49 tu, na slabu ina 150, kwa hiyo ule mstari usiobanwa wala kuvutwa uko ndani ya mbawa. Zege yote iliyo chini yake inahesabiwa kuwa imepasuka, na kwa kupinda haisaidii kitu. Ndiyo maana boriti hii inahesabiwa kama mstatili, lakini mstatili wa upana 1,650, si wa 250. Nondo 3 za 25 zina 1,473, nazo zinatosha na ziada.

Wenzangu wengi wakifika hapa huanza kuvutana juu ya ule upana. BS inasema 1,650. Kwa boriti hii hii EN 1992 ya Ulaya inatoa 2,300, na ACI 318 ya Marekani karibu 2,000. Mtu akiona tofauti ya zaidi ya nusu mita anaona hesabu yote ni ya kubahatisha, afadhali slabu iachwe. Mimi nimefanya jambo baya zaidi: nimeukata upana wa BS katikati, ukawa 825, kana kwamba nusu ya mbawa imeliwa na panya. K inapanda hadi 0.054, z inakuwa 0.936d, zege inayobanwa inashuka hadi 63, bado ndani ya slabu. Chuma kinachohitajika? 1,335. Nimepoteza nusu ya mbawa na nimelipa milimita za mraba 20, yaani waya mmoja wa milimita 5.

Nimeirudia hesabu hiyo mara kadhaa kwa boriti mbalimbali, maana mwanzoni sikuiamini. Sababu yake ni nyepesi. Chuma kinategemea umbali kati ya nondo za chini na kitovu cha zege inayobanwa juu. Mbawa ikiwa pana, tabaka linalobanwa ni jembamba na kitovu chake kiko karibu kabisa na uso wa juu. Ukiipunguza, tabaka linanenepa kidogo na kitovu kinashuka milimita chache, saba tu kwa hapa kwenu, kati ya mia nne na sitini. Na ukiipanua kupita 1,650 hupati chochote, kwa sababu kanuni imeshakufunga kwenye 0.95d. Kwa jengo la kawaida lenye slabu ya 125 au 150, ugomvi wa upana ni wa bure. Usichopaswa kuruka ni kuangalia kama mstari uko ndani ya mbawa.

Njia ya haraka ya kuangalia ni kuuliza mbawa nzima ikibanwa inaweza kubeba momenti gani. Hapa ni `0.45·fcu·bf·hf·(d − hf/2)`, hf ikiwa unene wa slabu, karibu 1,156 kNm, zaidi ya mara nne ya mnachohitaji. Ingekuwa slabu ya mbavu yenye zege ya juu ya 50 tu, na mbawa imebaki 825, mngepata 216. Hapo mstari umetoka mbawani na kuingia mguuni, na ile mistari minne haifai tena: unahesabu mbawa peke yake na mguu peke yake, kisha unajumlisha.

Sasa mchoro wa pili. Ukichukua 250 peke yake, K inaruka hadi 0.178, juu ya kikomo cha 0.156, na unalazimika kuweka nondo za kubanwa juu, milimita za mraba 174, pamoja na 1,581 chini. Hizo za chini peke yake ni asilimia 20 zaidi ya 1,315 za hesabu ya T. Aliyeuchora hakukosea hesabu, na kwa katikati ya boriti hesabu yake haiwezi kuangusha jengo. Lakini chukueni futi mkazipange nondo zake. Upana 250, toa kifuniko cha 40 na ringi ya 8 kila upande, inabaki 154. Nondo mbili za 25 na mbili za 20 zinakula 90. Nafasi tatu zilizobaki ni za milimita 21 kila moja, na kokoto zenu ni za 20. Zege haipiti hapo. Itakaa juu ya nondo, na mkivua mbao mtakuta chini kumetoboka kama mzinga wa nyuki. Kwa upepo wa chumvi wa kisiwani, nondo iliyoachwa uchi hivyo itaanza kutu kabla rangi ya ukuta haijafifia. Nondo tatu zinaacha karibu 39 kila upande. Mtu anaweza kusema aweke mbili za 32 badala ya nne, akizipata, au apange tabaka mbili, ingawa hapo kina cha kazi kinapungua na anahitaji chuma zaidi tena.

Hata hivyo upande wa mstatili una mahali ambapo uko sahihi kabisa, na hapo mimi ndiye ninayewaonya watu wa T. Kama boriti ingeendelea juu ya nguzo ya kati hadi chumba cha pili cha mita 7, momenti juu ya nguzo hiyo, vyumba vyote vikibeba mzigo kamili, ingekuwa wL²/8, ile ile 267.5. Ila imegeuka. Juu ndiko kunakovutwa, slabu imepasuka, na kinachobanwa ni sehemu ya chini ya mguu. T haipo tena. Pale ni 250 tu, 1,581 juu na nondo za kubanwa chini. Niliwahi kukabidhiwa mchoro, ofisi siitaji, ambao ulichukua namba ya T ya katikati ukaipeleka juu ya nguzo vile vile. Ulipungukiwa milimita za mraba 266, zaidi ya nondo moja ya 16. Ni kosa rahisi, kwa sababu namba zinafanana. Tofauti moja ya kushukuru ni kwamba huko juu nondo hazilazimiki kubanana mguuni, baadhi unaweza kuzitandaza slabuni pembeni.

Boriti iliyogeuzwa, ile inayosimama juu ya slabu ili dari iwe sawa, nayo ni mstatili katikati, kwa kuwa slabu yake iko upande unaovutwa.

Kwenu, basi, nauchukua mchoro wa kwanza, kwa masharti mawili yanayohusu kazi yenyewe. La kwanza, mguu na slabu zimwagwe siku moja. Mkilazimika kusimama chini ya slabu, ringi zichomoze hadi juu yake na uso wa zege uachwe na makwaruzo, usisuguliwe. La pili ni nondo za juu za slabu zinazokatiza boriti. Ndizo zinazoishika mbawa kwenye mguu, na BS inataka 0.15% ya unene wa slabu, yaani milimita za mraba 225 kwa kila mita. Nondo za 10 kila 300 zinatosha. Tatizo ni kwamba siku ya kumwaga kila mwenye ndoo anazikanyaga, na zinalala chini. Wekeni vigoda vya kuzishikilia, na mmoja wenu asimame pale na futi kabla zege haijafika.