Jibu la tangi halijaisha hadi ulirudishe kwenye mlinganyo

Milinganyo ya difarensha ya daraja la kwanza inayotenganishika hufundishwa kama kazi ya mikono: h upande huu, t upande ule, integreti, mwisho wa swali. Naona tunawapunja wanafunzi wa uhandisi, kwa sababu hatua inayofundisha zaidi ni kuhakiki jibu, na hiyo ndiyo inayorukwa.

Chukua tangi la maji lililonyooka, lenye tundu chini. Kwa kanuni ya Torricelli, maji hutoka kwa kasi inayofuata kipeuo cha pili cha kimo chake, kwa hiyo kimo h hushuka hivi:

```
dh/dt = -k√h
```

Hapa k hutegemea ukubwa wa tundu na upana wa tangi. Tuseme k ni 0.002, kimo kikiwa kwa mita na muda kwa sekunde, na maji yalianza kwenye mita 1.44. Gawanya pande zote kwa √h, kisha integreti:

```
dh/√h = -k dt
2√h = -kt + C
```

C iandikwe papo hapo, kabla ya kupiga mraba. Ukiibandika mwishoni unapata h = (kt/2)² + C, ambayo si jibu. Pale t = 0, √h ni 1.2, hivyo C ni 2.4:

```
h = (1.2 - 0.001t)²
```

Sasa hakiki. Weka t = 0, unapata 1.44, sawa. Kisha tafuta dh/dt ya jibu lenyewe: ni -0.002(1.2 - 0.001t). Mlinganyo unadai -0.002√h. Viwili hivi vinalingana iwapo tu √h ni 1.2 - 0.001t, na kipeuo hakiwi hasi. Basi jibu linasimama hadi sekunde 1200, yaani dakika 20, wakati tangi linakauka.

Wengi huishia hapo juu bila kuona mpaka huo. Weka t = 1500 na fomula itakupa mita 0.09: sentimita tisa za maji zimerudi tangini zenyewe! Ukiitazama fomula peke yake huoni kosa. Mlinganyo wa mwanzo ndio unaolikamata, maana unakataza h kupanda.

Baada ya sekunde 1200 jibu ni h = 0, nalo linatimiza mlinganyo bila tatizo. Tulilipoteza pale tulipogawanya kwa √h, kwani kugawanya kwa sifuri hakuruhusiwi. Kwa hiyo kabla ya kutenganisha, jiulize ni thamani gani ya h inayofanya kigawanyo kuwa sifuri, uiandike pembeni, maana huenda nayo ni jibu. Kama ningetunga mtihani, alama za sehemu hii zingelingana na za kuintegreti.