Ramani safi, msimu uliopotea: kuchuja mawingu juu ya majaruba ya Kilombero

Anayetengeneza ramani ya mpunga wa Bonde la Kilombero kwa picha za setilaiti za Sentinel-2 hukutana mapema na uamuzi mmoja mgumu: achuje mawingu kwa ukali ili ramani iwe safi, au alegeze ili abaki na picha za kutosha? Wanaopendelea ukali wana hoja nzito. Wingu jembamba lililopita bila kuonekana, au kivuli chake, hubadilisha rangi ya shamba kiasi cha kulifanya lifanane na zao jingine, na kosa hilo likishaingia katika picha unganishi, yaani picha moja inayochukua thamani ya katikati ya picha nyingi za msimu, ni vigumu kulitoa. Hata hivyo, kwa maoni yangu, ukali huo una gharama ambayo wengi hawaihesabu, kwa sababu haionekani kwenye ramani yenyewe.

Tuchukue mfano wa jaruba moja. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Juni, setilaiti mbili zinazopita kila baada ya siku 5 huacha takribani picha 42. Tuseme baada ya kuchuja zimebaki 11: moja ya Januari, mbili za Februari, hakuna ya Machi, moja ya Aprili, mbili za Mei na tano za Juni, mvua zikiwa zimekwisha. Fahirisi ya uoto, NDVI, ilikuwa 0.20 Januari jaruba likiwa na maji, ikapanda hadi 0.48 na 0.62 Februari, ikafika 0.74 Aprili, ikashuka hadi 0.55 na 0.42 Mei, na Juni ikabaki kati ya 0.23 na 0.28 juu ya mabua. Zipange zote kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue ya sita, iliyo katikati: ni 0.28. Mpunga uliostawi vizuri sasa unasomeka kama nyasi kavu. Hesabu haikukosea popote. Ilichukua thamani ya katikati ya siku zisizo na mawingu, ambazo si sawa na katikati ya msimu.

Kuna tatizo la pili, nalo kwa mpunga ni baya zaidi. Vichujio vingi hutafuta kivuli kwa kuangalia sehemu zenye giza, na jaruba lililojaa maji nalo lina giza. Matokeo yake, wiki za kupandikiza miche, ambazo ndizo alama bora ya kutofautisha mpunga na miwa, zinaweza kufutwa kana kwamba ni kivuli. Kulibaini hili si kazi kubwa: wingu huhama, shamba halihami. Ukiona sehemu iliyofutwa ina umbo lilelile katika tarehe tatu au nne, na kingo zake zinafuata matuta ya majaruba, ujue kichujio kinakula zao lako.

Kwa hiyo picha unganishi isitolewe peke yake. Iambatane na hesabu ya picha zilizobaki kwa kila piseli. Katika Earth Engine, jukwaa la Google la kuchakata picha za setilaiti, ukishaunganisha bendi ya `cs_cdf`, inayoonyesha piseli ilivyo wazi bila wingu, na mkusanyo wako, inatosha kuandika:

```javascript
function ficha(p) {
  return p.updateMask(p.select('cs_cdf').gte(0.60));
}
var kati = s2.map(ficha).median();
var idadi = s2.map(ficha).select('B8').count();
```

Ifungue `idadi` kwanza, kabla ya kuitazama `kati`. Mara nyingi utaona mistari ya mshazari ambapo njia mbili za setilaiti hupishana na picha huwa nyingi zaidi. Mistari hiyohiyo ikijitokeza kwenye ramani ya mazao, basi ramani inachora njia za setilaiti badala ya mashamba.

Njia ninayoiona bora ni kuugawa msimu kwa kalenda ya mkulima: kipindi cha maji, cha kukua na cha kuvuna, kila kimoja na picha unganishi yake. Ubaya wake ni wa kweli: kipindi cha Machi na Aprili kitabaki na mapengo, na afisa kilimo wa wilaya hapendi kupewa ramani yenye matobo. Baadhi ya mapengo hayo huzibwa na rada ya Sentinel-1, ambayo hupenya mawingu na huona maji yaliyotulia kama eneo jeusi, ingawa upepo ukiyachafua maji alama hiyo hufifia. Mapengo yanayobaki ningeyaacha wazi na kuyapa rangi ya kijivu, kwa kuwa piseli iliyojazwa kwa picha za Juni pekee haina tofauti, machoni pa msomaji, na ile iliyoonwa mara kumi tangu Januari.