Kabla ya Kubadilisha Kioo, Bandua Protekta

Ukipokea simu na kuiweka sikioni, kioo kuwa cheusi ni sawa kabisa. Tatizo ni pale unapoitoa sikioni ubonyeze 1 kama sauti ya huduma kwa wateja inavyokuelekeza, au ukate tu, na kioo hakiwaki hadi mtu wa upande wa pili akate mwenyewe. Wapo mafundi ambao hapo hapo hutamka kwamba kioo kimekufa, na kutaja bei ya kipya. Mimi nasema kioo kilichokufa hakifufuki simu inapokatika. Kama kinawaka vizuri baada ya maongezi, mtuhumiwa wa kwanza ni sensa ya ukaribu.

Sensa hii hukaa juu, jirani na spika ya sikioni. Ndani yake mna kitaa kidogo kinachotoa mwanga wa infraredi, ambao macho hayauoni, na pembeni yake kijicho kinachoupokea ukirudi. Shavu likisogea hadi sentimita chache, mwanga mwingi hugonga na kurudi, simu ikaona kiwango kimevukwa, ikazima kioo. Haijui shavu ni nini. Inachopima ni wingi wa mwanga uliorudi, basi.

Sasa weka protekta juu yake. Ikiwa ina ukingo mweusi uliokaa juu ya sensa, mwanga hautoki vizuri, unarudishwa hapo hapo. Hata protekta angavu inaweza kuleta balaa, na hapa ndipo watu wengi hupotea: zile zinazoshika kwa gundi ya pembezoni tu huacha nafasi ya hewa katikati, mwanga ukaruka kati ya vioo viwili na kumwagikia kwenye kijicho. Vumbi, jasho na vipodozi vikijikusanya hapo juu hufanya kazi ile ile. Kwa hiyo protekta iliyokaa miezi sita bila shida inaweza kuanza kusumbua leo kwa sababu imenyanyuka kidogo upande wa juu.

Usikisie, pima. Kwenye Samsung nyingi, fungua sehemu ya kupigia simu uandike:

```
*#0*#
```

Bonyeza `Sensor`, utafute mstari wa `Proximity Sensor`. Kwenye simu ambayo sensa yake ya ukaribu hutumia mwanga utaona namba ya `ADC`. Sogeza kiganja: namba inapanda, simu inatetemeka na skrini kubadilika rangi. Ondoa kiganja: inatakiwa kushuka na rangi kurudi. Ikibaki juu wakati hakuna kitu mbele yake, sensa inaamini shavu bado lipo. Usifunge ukurasa huo. Toa kava, angalia namba. Futa sehemu ya juu kwa kitambaa laini kikavu, angalia tena. Mwisho bandua protekta. Namba ikianguka mara tu protekta inapoachia, umempata mwizi, na gharama yako ni protekta nyingine iliyokatwa tundu sehemu ya sensa. Kwenye Xiaomi, ukurasa wa vipimo hufunguka kwa `*#*#6484#*#*`.

Namba isipotikisika hata kioo kikiwa kitupu, uliza kama simu iliwahi kubadilishwa kioo. Kati ya kitaa na kijicho, simu nyingi huwa na kimpira kidogo cheusi kinachozuia mwanga kuvuja upande kwa upande. Hubanduka na kioo cha zamani, kikatupwa nacho. Vioo vya kuiga navyo wakati mwingine hupakwa rangi nyeusi isiyopitisha infraredi sawasawa. Hapo kusugua hakusaidii; fundi afungue, arudishe kimpira au abadilishe sensa. Na kwa maoni yangu, fundi aliyebadilisha kioo bila kujaribu kupiga simu mbele ya mteja hajamaliza kazi.

Simu kadhaa za bei ya kati hazina kabisa sensa ya ukaribu inayotumia mwanga. Hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika, yakitoka kwenye spika na kupokelewa na maikrofoni. Kwa hizo, angalia matundu ya spika na maikrofoni kabla ya kulaumu kioo.

Kuna wanaoshauri kuizima sensa moja kwa moja. Sikubaliani nao: shavu litajibonyezea lenyewe, litazima maikrofoni au kukata simu katikati ya maneno. Ukiwa unasubiri fundi, vaa earphone, maana simu nyingi haziisikilizi sensa hii sauti ikipita huko. Kwenye Android, ingia `Accessibility` uwashe `Power button ends call`. Jina hilo hubadilika kidogo kati ya simu na simu, lakini kazi yake ni moja: kitufe cha kuwashia kitakata simu hata kioo kikiwa giza.