Kitufe cha "Mchanganyiko" kifutwe

Jumatatu iliyopita niliitwa saa mbili usiku nikamsaidie mtu kumkamata mwizi. Kazi yangu ni kufunga hesabu za biashara za watu, upelelezi sijasomea, lakini nilikwenda. Nikamkuta bosi kasimama nyuma ya kaunta, droo imevutwa wazi, noti zimepangwa mafungu mafungu, na keshia kakaa kwenye stuli pembeni, macho mekundu.

"Imepungua elfu kumi na mbili," bosi akaniambia, hata salamu hajaitikia. "Na leo droo haijaguswa na mtu mwingine."

"Simu ya biashara umeiangalia?" nikamuuliza.

"Simu ya nini tena? Pesa iliyopungua ni ya droo!"

Hapo ndipo nilipochoka, kabla hata sijafungua begi.

Hesabu zenyewe zilikuwa nyepesi. Asubuhi droo ilianza na chenji ya 20,000. Mfumo ulionyesha mauzo ya taslimu ya siku nzima ni 146,500, na hakuna kilichotolewa humo kwa matumizi, kwa hiyo jioni zilitakiwa zikutwe 166,500. Zilikutwa 154,500. Pungufu 12,000, kama bosi alivyosema, hajakosea hata senti. Nikaomba simu. Mfumo ulisema pesa za simu zilizoingia ni 88,000, lakini taarifa ya miamala ilionyesha 100,000. Zimezidi 12,000.

Droo imepungua 12,000, simu imezidi 12,000. Anayefanya kazi hii akiona namba moja imetokea pande mbili, huku ikiwa pungufu na kule ikiwa ziada, haulizi nani kaiba. Anauliza ni oda gani imeandikwa upande usio wake. Tulipekua miamala ya simu mmoja mmoja, kila wa mfumo na mwenzake wa taarifa, mpaka tukabaki na mmoja usio na mwenzake: 12,000, saa tisa na dakika kumi alasiri. Kwenye mfumo, dakika mbili baadaye, kuna oda ya 18,500 imeandikwa yote "taslimu".

Keshia akakumbuka. Mteja alikuwa na 12,000 tu kwenye simu, akaituma, halafu akatoa noti ya 10,000 kumalizia 6,500 iliyobaki, akarudishiwa chenji 3,500. Mfumo ukamuuliza swali moja, "Njia ya malipo?", na jibu lilikuwa moja tu. Akachagua taslimu kwa sababu noti ndiyo iliyokuwa mkononi wakati huo. Ningekuwa mimi ningechagua hiyohiyo.

Bosi alisema "aah, kumbe", akafunga droo. Pole hakuitoa. Tuyaache hayo.

Kilichonikera hasa kilikuja kesho yake. Nilimpigia fundi aliyewauzia huo mfumo, nikamweleza kisa chote, naye akanijibu kwa furaha kwamba jambo hilo ni dogo na ameshalimaliza. Jioni nikafungua dirisha la malipo nikakuta kitufe kipya: "Taslimu", "Simu", na sasa "Mchanganyiko", cha oda iliyolipwa kwa njia zote mbili, bila kuuliza kila njia imelipa kiasi gani. Ahsante sana, fundi. Mwanzo oda ilikuwa inaandikwa mahali pasipo pake, sasa haiandikwi mahali popote.

Nieleze kwa nini nina hasira na kitufe kimoja. Unapopokea pesa kwa njia mbili una vibweta viwili, na kila kimoja kina shahidi wake. Shahidi wa droo ni mkono unaohesabu noti jioni. Shahidi wa simu ni taarifa ya miamala, ambayo keshia hawezi kuifuta wala kuiongeza. Ukiandika kila malipo kwa njia yake, kila jioni unapata majibu mawili yasiyotegemeana: taslimu zilizoandikwa zinakutana na noti, na za simu zilizoandikwa zinakutana na taarifa. Droo ikipungua peke yake na simu iko sawa, pesa taslimu imetoka au chenji imezidishwa. Simu ikipungua na droo iko sawa, kuna malipo yameandikwa lakini hayakuingia. Zikipishana kwa kiasi kilekile, moja pungufu na nyingine ziada, anza kutafuta kosa la uandishi kabla hujamgeukia mtu. Hali tatu, na kila moja inakupeleka mlango tofauti.

Rafiki yangu mmoja mhasibu alinibishia, na lazima nikiri hakukosea kabisa. Alisema hata ukiwa na fungu la "mchanganyiko" unaweza kulitenganisha: chukua jumla ya taarifa ya simu, toa zilizoandikwa simu tupu, kinachobaki ni sehemu ya simu ya zile oda za mchanganyiko, na salio lake ndilo taslimu. Kwa hesabu tupu, ndiyo. Lakini tazama alichofanya. Ameitumia taarifa ya simu kutafuta jibu, kwa hiyo hawezi tena kuitumia kulihakiki. Shahidi kageuzwa mtuhumiwa. Chukua siku yenye oda saba za mchanganyiko, jumla 96,000, na jioni zimepungua 5,000. Je, ni noti zilizotoka kwenye droo? Au ni mteja aliyeonyesha ujumbe wa kughushi, akaondoka na mzigo, na pesa haikuingia? Au ametuma kwenye namba ya keshia badala ya namba ya biashara? Kwa njia ya rafiki yangu, yote matatu yanajitokeza kama pungufu ya droo. Na droo, kama tulivyoona Jumatatu, ina mtu mmoja wa kulaumiwa.

Ninachotaka si kigumu. Oda ibaki moja, malipo yawe mistari chini yake. Ile ya Jumatatu ingeandikwa hivi: oda 18,500, mstari wa kwanza, simu 12,000, pamoja na namba ya muamala kama ilivyo kwenye ujumbe, mstari wa pili, taslimu 6,500. Mfumo ukatae kufunga oda mpaka mistari ijumlike 18,500 kamili. Mteja akituma kutoka simu mbili, basi ni mistari miwili ya simu, kila mmoja na namba yake, maana kwenye taarifa itatokea miwili pia. Ukiijumlisha, jioni utatafuta muamala ambao haujawahi kuwepo.

Chenji ndiyo inayowachanganya wengi. Keshia alishika noti ya 10,000, lakini oda haikulipwa 10,000 taslimu, imelipwa 6,500. Ukiandika 10,000 bila kuandika chenji, droo itaonekana imepungua 3,500 ambazo ziko mfukoni mwa mteja kihalali kabisa. Mifumo mizuri ina nafasi mbili, kilichopokelewa na chenji, kisha inatoa yenyewe. Kama wako hauna, andika kilichobaki kwenye droo, basi. Dalili ya kosa hili ni pungufu inayolingana na chenji ya oda fulani ya siku hiyo. Nimewahi kuitafuta pungufu ya namna hiyo kwa saa moja na nusu, nikijiona mjinga kila dakika, mpaka nilipoanza kusoma safu ya chenji badala ya safu ya mauzo.

Na pesa ya simu ipokelewe kwanza, taslimu baadaye. Hili nitalibishania na yeyote. Taslimu ukiishaishika imekwisha, haina "inasubiri". Malipo ya simu yanaweza kukwama, mtandao ukayumba, mteja akakosea namba ya siri, au salio likawa dogo kuliko alivyodhani. Ukianza na taslimu, simu ikikwama unabaki na oda iliyolipwa nusu, noti zimeshaingia kwenye droo, foleni inakunja uso, na mteja anaomba arudishiwe. Ukianza na simu, ikileta 9,000 badala ya 12,000 unabadilisha tu kiasi cha taslimu unachodai, na hakuna cha kurudisha. Tena usiandike mstari wa simu kwa kuangalia simu ya mteja. Angalia simu ya biashara. Ujumbe kwenye kioo cha mtu mwingine ni hadithi tu. Namba ya muamala ikionekana kwenye taarifa yako ndipo uandike; kabla ya hapo mstari ubaki "inasubiri", na "inasubiri" isihesabiwe kama malipo.

Kuna wanaokwepa haya yote kwa kuigawa oda iwe mbili, ya 12,000 na ya 6,500. Jioni hesabu itakubali, sikatai. Siku mteja akirudisha kitu cha 8,000 ndipo utakapotafuta ni oda ipi kilikuwemo, na risiti aliyokuja nayo ni ya ile nyingine.

Makato ya mtoa huduma yaandikwe peke yake kama matumizi. Usiyapunguze kwenye mstari wa malipo. Mteja ametoa 12,000, andika 12,000, hata kama kilichokufikia ni pungufu ya hapo. La sivyo oda itabaki na deni la vijisenti ambalo mteja halijui.

Nikubali pia, kwa shingo upande, kwamba biashara yenye oda kumi kwa siku haihitaji mfumo wowote. Daftari lenye safu ya oda, safu ya taslimu, safu ya simu na ya namba ya muamala linatosha, na linamshinda fundi wangu na vitufe vyake vitatu. Safu mbili zikijazwa kwenye mstari mmoja, umeshamaliza kazi.

Fundi nilimwandikia tena juzi. Amejibu kwamba "Mchanganyiko" kinapendwa, watu wanakibonyeza sana. Sina shaka wanakibonyeza. Yule keshia hakibonyezi. Amenunua daftari dogo, amelichora safu kwa rula, analiweka chini ya droo, na kila oda ya namna ile anaiandika humo kwa kalamu kabla hajagusa mfumo. Bosi hajui kama lipo, na mimi sijamwambia.