Asilimia 14 Iliyoficha Kinga Kubwa

Msomaji akiambiwa kwamba chanjo ya kipindupindu ilizuia ugonjwa kwa asilimia 62 mahali pamoja na kwa asilimia 14 tu mahali pengine, ilhali chanjo ni ile ile na mwaka ni ule ule, bila shaka atadhani kwamba huko kwenye asilimia 14 chanjo iliharibika kabla ya kutolewa. Kumbe huko ndiko watu walikokuwa salama zaidi.

Takwimu hizo zinatoka Matlab, eneo la vijijini nchini Bangladesh, ambako chanjo ya kunywa ilijaribiwa mwaka 1985. Watoto wa miaka 2 hadi 15 pamoja na wanawake watu wazima waligawanywa kwa bahati nasibu, mtu mmoja mmoja, baadhi wapewe chanjo (zilikuwa za aina mbili, nami nazihesabu pamoja) na baadhi plasebo, yaani kinywaji kisicho na chanjo ndani yake. Wenyeji wa Matlab huishi katika bari, ambayo ni nyumba kadhaa za ndugu zinazozunguka ua mmoja, na kwa kuwa si kila mtu alikubali kushiriki, kiwango cha waliochanjwa kilitofautiana sana kati ya bari moja na nyingine. Mwaka 2005 Mohammad Ali, John Clemens na wenzao walichapisha uchambuzi mpya wa data hizo, wakiwa wamezipanga bari kwa kiwango hicho cha chanjo.

Katika kundi la bari zilizochanjwa kidogo zaidi, chini ya asilimia 28, waliopewa plasebo waliugua kwa kiwango cha watu 7.01 kwa kila 1,000 katika mwaka wa kwanza, na waliochanjwa 2.66. Ukigawanya 2.66 kwa 7.01 unapata takriban 0.38, kwa hiyo kinga ni asilimia 62. Katika kundi lililochanjwa zaidi, ambako zaidi ya nusu walikuwa na chanjo, waliopewa plasebo waliugua 1.47 kwa kila 1,000 na waliochanjwa 1.27, na hesabu ile ile inatoa asilimia 14.

Tazama kilichobadilika. Waliochanjwa hawakudhoofika, maana kiwango chao cha kuugua kilishuka kutoka 2.66 hadi 1.27. Walioporomoka ni wale wasiochanjwa, kutoka 7.01 hadi 1.47, yaani upungufu wa asilimia 79, bila wao kuonja tone la chanjo. Vimelea vya kipindupindu hutoka kwa mgonjwa kupitia kinyesi na kuingia katika maji na chakula cha walio karibu naye, hivyo jirani aliyechanjwa na asiugue huwa hamwagi vimelea vingi uani. Jaribio hupima tofauti kati ya watu wawili wanaochota maji mamoja, na kinga inayowafikia wote wawili hufutika katika ulinganisho huo. Ukimlinganisha aliyechanjwa katika bari zilizochanjwa zaidi na asiyechanjwa katika bari zilizochanjwa kidogo zaidi, kinga inafika asilimia 82.

Ndiyo maana naona ni kosa kutangaza asilimia ya ufanisi peke yake, kana kwamba ni sifa iliyofungwa ndani ya kichupa. Kando yake ingeandikwa idadi ya waliougua katika kundi la plasebo na kiwango cha chanjo katika eneo la jaribio. Zipo pia sababu za kawaida zinazoshusha ufanisi nje ya jaribio, kama dozi ya pili kukosekana au chanjo kukaa kwenye joto, lakini hizo zinafahamika zaidi.

Uchambuzi wa Matlab una mpaka wake. Kiwango cha chanjo katika bari hakikupangwa kwa bahati nasibu. Huenda bari zilizojitokeza kwa wingi zilikuwa tayari na maji au usafi bora. Njia nzuri ya kupima shaka ya namna hiyo ni kuangalia kuhara kusikotokana na kipindupindu: kukishuka nako kwa kadiri hiyo hiyo, basi chanjo inasifiwa kwa kazi ya usafi. Wala kinga hii haipo kwa kila ugonjwa. Pepopunda hutoka udongoni, haiambukizi kutoka mtu hadi mtu, hivyo chanjo ya jirani haikusaidii hata kidogo.

Ili kuondoa shaka hiyo tangu mwanzo, inafaa kugawanya mitaa badala ya watu. Ndivyo ilivyofanyika Kolkata, India, katika jaribio la chanjo ya Vi ya homa ya matumbo lililochapishwa mwaka 2009: maeneo 80 yaligawanywa kwa bahati nasibu, nusu yakapewa Vi na nusu chanjo ya homa ya ini aina A. Waliochanjwa Vi walikingwa kwa asilimia 61. Majirani zao wasiochanjwa, wakilinganishwa na wenzao wasiochanjwa wa maeneo mengine, walikingwa kwa asilimia 44, na kama wangegawanywa mmoja mmoja, kinga hiyo ya majirani ingehesabiwa kama udhaifu wa chanjo.