Kumbe Bahari Nayo Ina Mgao

Mtoto wangu Shiro ananiudhi na jambo moja tangu twende Mombasa: eti picha haiendi hivihivi, ni lazima iwe na kapsheni. Mimi nauza viatu vya mitumba Gikomba. Kapsheni yangu ya kila siku ni "mia tano, mia tano, chagua mama". Sasa naambiwa niandike maneno matamu kuhusu bahari, mtu wa miaka 44 ambaye kabla ya safari hiyo maji mengi zaidi aliyowahi kuyaona ni yale ya mafuriko yakipita katikati ya kibanda chake na kuondoka na mzigo.

Chama chetu kilichanga mwaka mzima, tukapanda treni ya saa nne usiku pale Syokimau. Sikulala. Wenzangu walikoroma tangu Athi River, mimi nimebandika uso kwenye dirisha. Mwezi ulikuwa mpevu, mduara kama chapati ya mama mkwe, na nyika yote ya Tsavo ilikuwa nyeupe. Kumbukeni huo mwezi, ndio ulioniletea balaa.

Saa nne asubuhi tukafika ufuo wa Jomo Kenyatta, kule Bamburi. Nikashuka kwenye matatu, nikapita katikati ya wauza madafu, nikajiweka sawa nipigwe na mshangao kama watu wa kwenye televisheni. Nikatazama. Hakuna bahari.

Nasema kweli. Kulikuwa na mchanga, halafu matope, halafu majani ya kijani yamelala chini kama sukuma wiki iliyokataliwa sokoni, halafu mashua zimeegemea ubavu kama matatu zilizonyang'anywa leseni. Mbali kabisa, mstari mweupe unanguruma. Nikamwambia Mama Shiro, "Hata huku kuna mgao." Sisi Kayole tumezoea: maji ni Alhamisi, na hiyo Alhamisi yenyewe si ya kila wiki. Nikapiga picha, nikaituma kwa kikundi cha familia nikiandika "Niko bahari." Shemeji yangu akajibu kabla sijafunga simu: "Hiyo si shamba la mchele Mwea?"

Nikaona nisidharauliwe. Nikaamua kuifuata bahari huko iliko, na viatu vyangu vya ngozi miguuni, namba 42, vya Kiitaliano, nilivyovitoa kwenye beli na kukataa kuviuza. Nikavuka vidimbwi. Humo kuna samaki wadogo kama kucha, na kaa mmoja alinitazama, akanyanyua makucha yote mawili kama askari wa kanjo, halafu akatoroka kwa ubavu. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Nyuma nikasikia mluzi. Kijana mmoja wa mashua anakuja mbio. "Mzee, wenda wapi?" Nikamwambia naenda baharini. Akasema, "Bahari yaja yenyewe. Rudi." Akanionyesha nilikotoka. Mfereji niliouvuka ukiwa umelowesha soli tu sasa ulikuwa umefika katikati ya muundi. Mbele yangu bado pakavu, nyuma yangu ndiko maji yanakojaa. Ndivyo wageni wanavyonaswa, akasema: ufuo wa hapa una mabonde, na maji huingia kwanza bondeni, kati yako na nchi kavu, wakati wewe unaangalia mwamba. Ukiona maji kwenye kidimbwi yameanza kutembea kuelekea upande mmoja, geuka.

Basi tukarudi, viatu chapachapa, naye ananifundisha njiani. Kutoka maji kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika kidogo. Kila siku hujaa mara mbili, na kesho yake huchelewa kama dakika 50, kwa sababu mwezi nao huchelewa. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu kama ule niliosafiri nao, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, na hapo ndipo huja bamvua: maji hutoka mbali sana na hurudi juu sana. Tofauti hapa Mombasa hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayapandi sana. Eti siku za bamvua maji hukupwa kama saa nne, hujaa kama saa kumi, asubuhi na jioni. Hata jina la pwani limetoka hapo, ni mahali pa maji kupwa. Nimelitamka tangu darasa la kwanza bila kujua.

Nikanyamaza. Mita 4 ni kimo cha ghorofa moja na zaidi. Mtu anainua bahari nzima kimo cha ghorofa, mara mbili kwa siku, bila pampu, bila umeme kupotea, na ratiba haijawahi kuahirishwa. Mimi nyumbani nasubiri mtungi mmoja ujae.

Viatu nikavitandaza mchangani vikauke, nikaenda kula viazi karai. Hapa ndipo nilikosea, na kijana alishaondoka. Saa ya kwanza ya kujaa, maji hupanda kidogo tu, huyaoni yakisogea, nawe unajiona uko salama. Saa ya tatu na ya nne ndipo hukimbia: nusu ya maji yote huingia katika saa hizo mbili. Na ufuo ukiwa bapa, kupanda kidogo ni kusogea sana. Mimi nilitandaza viatu saa sita mchana, nikashiba, nikasinzia chini ya mkoko wa watu, samahani, mvinje. Saa nane nikaamshwa na kelele za watoto.

Bahari ilikuwa imefika.

Jamani. Ilikuwa imejaa mpaka macho yakakosa pa kuishia. Karibu ilikuwa kijani, mbali buluu, kule mwisho sijui rangi gani, sina hiyo rangi kibandani. Zile mashua zilizolala zilikuwa zimesimama zinacheza. Nilikunywa funda moja kuhakikisha ile habari ya chumvi, nikakohoa hadi machozi. Kila lita ina gramu kama 35. Mtungi wetu wa lita 20 ungekuwa na gramu 700, yaani karibu pakiti moja na nusu ya chumvi ya nusu kilo kwa mtungi! Nikaingia mpaka magotini na suruali yangu, nikasimama. Mama Shiro akaniuliza mbona nalia. Nikamwambia ni chumvi.

Halafu nikakumbuka viatu.

Cha kulia kilikuwa kimekwama mizizini. Cha kushoto kilikuwa safarini. Mama mmoja muuza madafu akanionyesha mstari wa mwani mkavu mchangani, juu kabisa: "Baba, ule ndio mpaka wake. Chochote chini ya mstari ule ni chake." Mbona hamkuniambia saa sita, mama?

Hivyo kapsheni niliyoituma jioni ilikuwa "Maji yapo." Picha nzuri, bahari nyuma yangu, kifua mbele. Shiro akajibu kutoka Nairobi: "Baba, kiatu kingine kiko wapi?"

Nikapiga hesabu. Leo yalikupwa saa nne na robo, ongeza dakika 50. Kesho yake saa tano na dakika tano nilikuwa pale, pekupeku, nachungulia kidimbwi baada ya kidimbwi. Na nilipata kiatu, kimejaa mchanga na kaa mmoja mdogo mwenye hasira. Raba ya buluu, namba 42, soli bado nzima.

Cha kulia.

Nimekibeba. Kiko hapa mezani Gikomba, mia mbili.